Nusu Sekunde

Usiku mmoja wa Jumapili, Novemba 2019, nilimuuliza mume wangu kama amenikumbuka, naye akakawia kujibu.

Hakukawia sana. Lau ungekuwa umeketi nami uani kwetu Ngamiani usingegundua kitu. Ungenisikia nikiuliza, kikafuata kimya kidogo, kisha sauti yake: "Nimekukumbuka sana, bibie. Mbona waniuliza hivyo?" Lakini mimi kile kimya nilikisikia. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, ndoa yetu ndiyo kwanza inatimiza mwaka, na mume nilikuwa sijamtia machoni tangu Agosti. Nililala na kile kimya, nikakigeuza huku na huku mpaka adhana ya alfajiri. Nilijiambia kwamba mtu aliyekukumbuka hahitaji kufikiri kwanza.

Mume wangu ni baharia. Anafanya kazi chumba cha injini kwenye meli za shehena ya kichele, zile zinazobeba nafaka, mbolea na makaa ya mawe bila magunia, mzigo unamiminwa tu tumboni mwa meli. Cheo chake mabaharia hukiita oila. Hupaka mafuta mitambo, hupima joto la maji na la mafuta, husafisha vichujio, na husikiliza injini kama mama anavyosikiliza pumzi za mtoto mgonjwa. Zamu yake ni ya saa sita mpaka saa kumi, mchana na tena usiku wa manane. Kila siku hiyo hiyo, bila Ijumaa wala Jumapili, kwa miezi tisa ya mkataba.

Jambo moja watu wa nchi kavu hawalijui, na mimi sikulijua mpaka nilipoolewa: kwa baharia wa ngazi yake, akishuka melini na mshahara unashuka naye. Anaporudi nyumbani halipwi mpaka apate mkataba mwingine. Kwa hiyo siku zetu za kuwa pamoja ndizo siku tunazokula akiba, na raha ya nyumba inapokolea ndipo debe la unga linapoanza kutoa sauti. Mimi ndiye niliyelazimika, zaidi ya mara moja, kumuuliza kama kampuni haijampigia.

Kwenye meli ile ya kwanza intaneti ilikuwa ya kununua. Kapteni aliuza kadi zenye namba za siri, MB 100 kwa dola 10, na mtu akimaliza zake amemaliza. Simu ya video ilikuwa anasa, maana ilikula MB kadhaa kwa kila dakika. Tulizoea kuongea kwa sauti tu, Jumapili, kabla hajalala kidogo kungoja zamu ya usiku. Na kila Jumapili mambo yalizidi kwenda mrama. Nilianza sentensi naye akaanza yake, zikagongana katikati, tukanyamaza wote, kisha wote kwa pamoja tukasema "Sema wewe." Tukangoja. Hakuna anayesema. Tukaanza tena kwa pamoja. Mimi niliona ananikatiza kwa sababu ana haraka ya kukata simu. Yeye, kumbe, aliona nimenuna.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa hai wakati huo. Mumewe wa kwanza alikuwa mtu wa majahazi, akisafiri na shehena za boriti kwenda Ghuba. Aliniambia kungoja kwake kulikuwa na tarehe. Kusi likianza baada ya masika, chombo kinatweka kwenda kaskazini; kaskazi ikianza kuvuma, Desemba hivi, mwanamke anapaka chokaa, anafua mashuka, anaanza kutazama baharini. Hakuwa na barua wala salamu kwa miezi, lakini alikuwa na upepo, na upepo ule ulivumia nyumba zote za mtaa siku moja. "Wewe, mjukuu wangu," alisema, "unaongea naye kila wiki na bado hujui lini anarudi. Mimi nilikuwa siongei naye lakini najua." Sikuwa na jibu la kumpa.

Mwanetu alizaliwa Januari 2020. Baba yangu ndiye aliyemwadhinia sikioni, kwa niaba. Nilimwandikia mume wangu ujumbe nikiwa bado kitandani, uzito wa mtoto, saa aliyozaliwa, kwamba wote wazima. Tiki moja. Nikalala. Alfajiri nikakuta tiki mbili na ujumbe wa sauti wa sekunde 40. Niliuweka sikioni: mngurumo wa injini kwa mbali, kitu kama mlango wa chuma, pumzi, basi. Hakuna neno. Nikajua simu yake imeharibika kipaza sauti, au mtandao umekula maneno. Nilimwandikia, "Sauti haijafika, rudia." Akajibu kwa maandishi, "Mtandao mbaya. Alhamdulillah, mke wangu. Hongera." Sikuufuta ujumbe ule. Sijui kwa nini sikuufuta.

Alitakiwa kushuka Mei. Mwaka ule wote mnaujua. Bandari zilifungwa kwa korona, meli zikaruhusiwa kupakua mzigo lakini watu hawakuruhusiwa kukanyaga gati. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini, ule wa 2006, unataka baharia asipitishe miezi kumi na moja mfululizo. Yeye alikaa kumi na mitano. Mwishoni mwa 2020 mashirika ya kimataifa yalikadiria kwamba mabaharia wapatao 400,000 wamekwama melini baada ya mikataba yao kwisha. Nilipoisoma ile namba nililia kwa namna ya ajabu, nusu uchungu nusu nafuu, maana kwa miezi sita nilikuwa nimejibu mashoga na mawifi waliokuwa wakiniuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika mume wangu hana nyumba nyingine huko. Alifika Novemba. Mtoto alikuwa na miezi kumi, na alipombeba, mtoto alipiga kelele mpaka jirani akaja.

Siku za kwanza nyumbani aliamka kila usiku saa tano na nusu. Huo ndio wakati anaogongewa mlango kule melini ajiandae kwa zamu ya saa sita. Alikuwa anakaa kitako kitandani, gizani, akisikiliza. Nilimuuliza anasikiliza nini. Akasema injini haisikiki, ndiyo inayomwamsha.

Jibu la kile kimya nililipata kwenye mkataba wa pili, mwishoni mwa 2021. Kwa miaka miwili nilikuwa nimekibeba moyoni bila kumwambia. Jumapili moja tukagombana kwa sababu yake, nikamtupia yote: kwamba nikimuuliza jambo la moyo anapima kwanza, nikimuuliza la fedha anapima kwanza, kwamba mtu mwongo ndiye anayehitaji muda. Alinyamaza, safari hii kweli, kisha akasema atanitumia ujumbe.

Ujumbe ulikuja baada ya siku mbili. Alikuwa amekwenda kwa fundi umeme wa meli, bwana mmoja mtu mzima, akamuuliza kwa nini simu za nyumbani zinagombanisha watu. Yule bwana akacheka, akamchorea kwenye karatasi. Setilaiti waliyokuwa wakitumia hukaa juu ya ikweta, kilomita karibu 36,000 kutoka ardhini. Huko ndiko inakoweza kuzunguka sambamba na dunia, ikaonekana imesimama mahali pamoja. Swali langu linapanda kilomita 36,000, linashuka nyingine 36,000. Jibu lake vilevile.

Nilichukua kalamu ya mtoto nikapiga hesabu nyuma ya daftari la madeni la duka. Mawimbi ya redio hukimbia kwa mwendo wa mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Safari ya kilomita 72,000 inachukua karibu robo sekunde. Kwenda na kurudi, nusu sekunde, kabla hujahesabu mitambo yenyewe inayopokea sauti, kuikandamiza na kuifungua tena. Hapana namna ya kuharakisha. Kwa hiyo hata kama angejibu palepale, kabla sijafunga mdomo, mimi ningesikia ukimya wa nusu sekunde na zaidi.

Na nusu sekunde kwenye mazungumzo ni kubwa kuliko unavyodhani. Baadaye nilisoma habari ya utafiti uliotoka 2009, wa mazungumzo katika lugha kumi za pembe mbalimbali za dunia. Waliona kwamba mtu akiulizwa swali, kwa wastani hujibu baada ya kama sehemu mbili za kumi za sekunde. Yaani masikio yetu yamezoea jibu lililokwisha kuandaliwa kabla swali halijamalizika. Likichelewa tunaanza kuhisi kitu: anasita, hataki, anatafuta la kusema. Hatuhesabu, tunahisi tu, na hisia hiyo haijui habari ya setilaiti. Mimi nilikuwa nimemhukumu mume wangu kwa umbali wa chombo kisichonijua wala kumjua.

Tulifanya jaribio. Tulihesabu kwa zamu, mimi moja, yeye mbili, mimi tatu, mpaka ishirini, haraka tuwezavyo. Kabla ya hapo nilikuwa nimehesabu na mdogo wangu jikoni, tukatumia sekunde kumi. Na mume wangu, kutoka Bahari ya Atlantiki, tulitumia kumi na saba. Hizo saba za ziada nilizipima kwa saa ya simu, na sitazisahau. Ukiwa na mtu wako mbali na mnagombana bila sababu, jaribuni kuhesabu. Mkienda sambamba na watu wa jikoni, ugomvi ni wenu. Mkichelewa, anzeni kwanza kuugawa.

Tangu siku ile tukajiwekea utaratibu. Mwenye kusema akimaliza anasema "haya," kama wanavyofanya kwenye redio za meli, na mwingine haanzi mpaka aisikie. Mwanzoni ilikuwa kama mchezo wa watoto, lakini kugongana kulikwisha wiki hiyo hiyo. Na mambo marefu tukayahamishia kwenye ujumbe wa sauti. Dakika moja ya sauti haifiki hata robo ya MB, kwa hiyo kadi moja ilitutosha mwezi. Alikuwa akirekodi akitoka zamu, saa kumi alfajiri, chumba cha kulia hakuna mtu. Dakika kumi, kumi na tano. Alinieleza rangi ya bahari karibu na mdomo wa mto mkubwa, jinsi Mfilipino anavyopika wali, jinsi baba yake alivyokufa, jambo ambalo kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kulifungua. Kwenye ujumbe wa sauti hakuna anayekungoja upande wa pili. Kimya chake kilikuwa na nafasi, wala sikuwa na namna ya kukijaza.

Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo tulikuwa wakweli. Hatukuwa.

Familia za mabaharia zina desturi yake: mtu akiwa katikati ya bahari humpi habari mbaya asiyoweza kuifanyia kitu. Hata ukimwambia, meli haigeuzwi. Machi 2022 mwanetu alipatwa na degedege usiku. Nilimkimbiza hospitali kwa bodaboda nimemfunga kifuani, akalazwa siku tatu kwa malaria. Jumapili ilipofika nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wodi, nikasogea kwenye ngazi pasipo na kelele, nikamwambia huku hatujambo, mtoto kalala. Akauliza mbona kuna mwangwi. Nikasema mtandao.

Juni akarudi. Jioni ya pili alivua shati kutawadha, nikaona mkono wake wa kushoto kutoka kiwiko mpaka kifundo ngozi imekuwa ya waridi, inang'aa, imekunjamana. Bomba la mvuke. Lilitokea Februari. Hapo nikakumbuka zile wiki tatu ambazo hakupiga hata simu moja, alituma maandishi tu, tena mafupi, yameandikwa kwa kidole kimoja, na kila nilipouliza alijibu "Mtandao mbaya." Nilikaa chini kwenye kizingiti. Kisha nikamwambia na mimi habari ya degedege. Aliniuliza siku gani. Nikamtajia. Akasema, "Ule mwangwi." Nikasema ndiyo, ule mwangwi.

Hatukugombana. Tulikuwa tumechoka sana kugombana. Lakini tangu siku ile nilianza kuliogopa lile neno. Mtandao ulikuwa umebeba mizigo yetu yote. Kwanza ulitusingizia kimya ambacho hakikuwepo, na baadaye sisi tukausingizia kimya ambacho kilikuwepo. Tulikuwa na shahidi wa uongo asiyeweza kuulizwa, na kila mmoja alikuwa akimwita kwa zamu yake.

Mkataba wa tatu ulianza Agosti 2023, na kuanzia Novemba nikawa mtu wa ramani. Kila meli kubwa hubeba chombo kinachotangaza jina lake, mahali ilipo na mwendo wake, na mitambo ya pwani huyapokea matangazo hayo na kuyaweka kwenye tovuti kama MarineTraffic. Ukiangalia bila malipo, unaiona meli ikiwa karibu na nchi tu, maili makumi kadhaa. Ikiingia bahari kuu alama inabaki ilipoonekana mara ya mwisho, na chini yake muda: saa tatu zilizopita, siku mbili zilizopita, siku tisa. Nilijifunza kwamba alama kutoonekana si habari mbaya, ni bahari kubwa. Lakini tarehe 19 Novemba Wahouthi wa Yemen waliteka meli ya Galaxy Leader katika Bahari ya Shamu, pamoja na mabaharia 25, na kuanzia hapo meli nyingi zikawa zinazima matangazo yao makusudi zikikaribia mlango wa bahari hiyo, Bab el-Mandeb. Alama isiyoonekana ikawa na maana mbili, na hakuna wa kukuambia hii ni ipi.

Mume wangu alikuwa kwenye meli yenye mbolea, inatoka Bahari ya Baltiki kwenda India. Njia ya kawaida ni Suez. Katikati ya Januari 2024 alinitumia ujumbe wa sauti mfupi kuliko yote: "Bibie, nakuambia kabla hujasikia kwingine. Hawajaamua tupite wapi. Naogopa." Halafu akasema "haya."

Nilikaa na lile neno "naogopa" kwa muda mrefu. Miaka minne nilikuwa nimengoja aseme kitu cha moyo bila kupima, na kilipokuja kilikuwa hicho. Nikamjibu kwamba na mimi naogopa. Sikumwambia amtegemee Mungu wala sikumwambia hakuna kitakachotokea; alikuwa anajua vyote viwili kuliko mimi. Nilimwambia pia kwamba kodi ya nyumba imepitiliza na mtoto ana kikohozi, kikohozi cha kweli, cha kawaida, na kwamba nikisema hatujambo Jumapili ijayo atajua ni kweli hatujambo.

Waliamua kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Takribani wiki mbili zaidi. Machi mwaka huo mabaharia watatu waliuawa kwenye meli ya True Confidence, nami nilipoisikia habari hiyo redioni mume wangu alikuwa amekwisha kupita Madagaska, anaelekea kaskazini. Kulikuwa na siku chache ambazo saa ya meli na saa ya ukutani kwetu zilikuwa sawasawa. Melini saa husogezwa usiku, lisaa limoja limoja, kadiri wanavyokwenda mashariki au magharibi, na kwa miaka yote mimi nilikuwa nikihesabu vidoleni kabla ya kupiga. Siku zile sikuhesabu. Saa sita usiku nilipoamka kumfunika mtoto nilijua kwamba sasa hivi anashuka ngazi za chuma kwenda zamu, sasa hivi, si jana yake wala si kesho yake. Alikuwa mbali bado, mamia ya kilomita. Lakini ilikuwa ndiyo karibu yetu kubwa kuliko zote.

Meli aliyopanda Januari 2025 ilikuwa na Starlink. Setilaiti zake wakati huo zilikuwa chini, kama kilomita 550 tu, ni nyingi na zinapokezana. Mwezi mmoja kabla, Desemba 2024, yalianza kutumika marekebisho ya ule mkataba wa 2006 yanayowataka wenye meli wawape mabaharia mawasiliano na nyumbani kadiri inavyowezekana. Sijui kampuni yake ilifunga kwa sababu hiyo au kwa sababu vijana siku hizi hawapandi meli isiyo na intaneti. Ninachojua ni kwamba simu ya kwanza ilikuwa ya video, uso wake umejaa kioo, na alipocheka niliiona midomo na kuisikia sauti kwa pamoja. Tukahesabu mpaka ishirini. Sekunde kumi na moja.

Nikawa na furaha kama mtu aliyepewa nyumba. Tuliongea kila siku. Mtoto, aliyekuwa na miaka mitano sasa, alimwonyesha meno, daftari, paka wa jirani. Mpaka wakati huo alikuwa akimwita "baba wa kwenye simu," kumtofautisha na babu yake. Wiki tatu zilipita hivi. Kisha usiku mmoja, mtoto amelala, nikamuuliza, kwa utani tu, maana nilidhani jibu nalijua: "Hivi ukimaliza huu, unataka kurudi?"

Akanyamaza.

Nilimwona. Picha haikuganda, nyuma yake feni ilikuwa inazunguka. Sekunde moja. Mbili. Hapakuwa na setilaiti ya kusingizia. Mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufunguka kumsaidia, kama ninavyofanya nyumbani, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hivyo ndivyo ninavyofanya nyumbani. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa sikuwahi kumsikia akinyamaza kwa sababu sikuwahi kumwachia. Nilijibu maswali yangu mwenyewe kwa sauti yake. Kile kimya cha Novemba 2019 nilidhani kimeletwa na bahari, na nusu yake kweli ililetwa na bahari. Nusu nyingine ilikuwa yake tangu siku namfahamu. Ilikuwa imekosa tu mahali pa kukaa.

Nikafunga mdomo. Nikasema "haya," kwa mazoea.

"Nataka," alisema baada ya muda. "Ila sijui nikirudi nakuwa nani. Pale nyumbani kila kitu kina mahali pake, mimi sina. Mlango ukilegea unajua fundi wa kumwita. Mtoto akiugua unajua daktari. Nakaa kibarazani nangoja mtu aniulize kitu. Huku wakinisikia nasema injini ina mlio, kapteni anaamka."

Mimi nilikuwa nimejivunia jinsi nilivyoweza kila kitu. Nilidhani namtunzia nyumba. Sikujua namwonyesha kila anaporudi kwamba inaweza bila yeye. Tuliongea mpaka saa tano na nusu, ikafika saa yake ya kujiandaa, hakuna aliyesema "mtandao mbaya." Katika maongezi yale nilimuuliza pia kuhusu ujumbe wa sekunde 40, ule wa Januari 2020, na kama simu yake ya zamani ilikuwa imeharibika kipaza sauti.

"Haikuharibika," alisema. "Nilikuwa nashindwa."

Alirudi Oktoba, akakaa miezi mitano. Mlango wa jikoni ulikuwa umelegea bawaba tangu Julai, sikumwita fundi. Sikumwambia pia kwamba nimemngojea. Siku ya nne aliuona, akaenda dukani akarudi na misumari ya skurubu, na mwanetu akamshikia tochi. Sasa ameondoka tena, yuko mahali fulani mashariki ya Sri Lanka, saa tatu mbele yetu.

Juzi mtoto alinikuta nimekaa na simu sikioni, akadhani naongea na baba yake, akaitaka. Nikampa. Akasikiliza kwa makini, uso umekunjamana: mngurumo, mlango wa chuma, pumzi.

"Mbona hasemi?"

"Subiri," nikamwambia. "Hajamaliza."